Barua ya wazi kwa TBS, Tume ya Ushindani na PPRA: boksi la "CAT6" lipimwe kabla halijaingia ukutani

Kwa Mkurugenzi Mkuu, Shirika la Viwango Tanzania (TBS)
Kwa Mkurugenzi Mkuu, Tume ya Ushindani (FCC)
Kwa Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma (PPRA)

Ndugu Wakurugenzi,

Salaam. Mimi ni fundi wa mitandao na kamera za ulinzi hapa Dar es Salaam. Nawaandikia kuhusu bidhaa ambayo watu hawailalamikii kwa sababu ikishafungwa haionekani tena: kebo ya mtandao inayouzwa kwa maboksi ya mita 305, na ndugu yake mdogo, kebo ya HDMI. Zote mbili zinaingia sokoni zikiwa na daraja lililochapwa kwenye ganda ambalo ndani halipo. Kuzigundua si kazi ngumu, na ndiyo maana nimeamua kuandika. Lingekuwa jambo la maabara kubwa tu ningenyamaza, lakini sehemu kubwa ya uongo huu unaushika kwa mizani, mita ya elfu chache na kipande cha msasa.

Mnajua, na mafundi wengi wanajua, kwamba viwango vinavyotoa majina ya Cat5e, Cat6 na Cat6A, yaani TIA-568 na ISO/IEC 11801, vinataka waya wa shaba. Kinachouzwa kwa wingi ni waya wa alumini uliovikwa shaba nyembamba kwa juu, ambao viwandani unaitwa CCA. Ukiumenya unang'aa wekundu kama shaba yoyote. Alumini ni nyepesi, ni rahisi, na inapitisha umeme kwa shida zaidi: waya wa CCA wenye unene uleule wa shaba una ukinzani wa karibu mara moja na nusu. Muuzaji hasemi hayo. Ukimuuliza kama ni kopa tupu atakujibu, "Hiyo orijino boss, wewe chukua," na pengine naye ndivyo alivyoambiwa alikonunua.

Nichukue kazi moja niieleze yote, ili tusibaki kwenye maneno ya jumla. Ni ghala la mteja wangu upande wa Mbagala. Alikuwa na kamera nne zilizofungwa na fundi mwingine kwa boksi ambalo mteja mwenyewe alilinunua, na risiti anayo. Kamera tatu zilikuwa jirani na mashine ya kurekodia, hazikuwa na tatizo. Ya nne, kwenye geti la nyuma, mita 30 hivi kutoka ofisini, ilikuwa inafanya kazi vizuri mchana kutwa na kuzimika giza likiingia. Inawaka, inazima, inawaka tena, mpaka alfajiri. Fundi wa kwanza alikuwa amebadilisha kamera mara mbili. Mteja akaniambia, "Fundi, hii kamera ina tabia za mlinzi wangu wa zamani."

Kamera ilikuwa ya volti 12, inalishwa umeme kupitia kebo hiyohiyo ya mtandao: jozi mbili zinabeba picha, jozi mbili zilizobaki zinabeba umeme, moja kwenda na moja kurudi. Ni ufungaji wa kawaida kabisa wa bei nafuu. Mchana kamera hiyo inakula kama wati 3. Usiku taa zake za infraredi zikiwaka inataka kama wati 6.

Niliipima kebo. Kwenye ganda ilikuwa imechapwa hivi:

```
CAT6 UTP 4PR 23AWG SOLID COPPER HIGH SPEED CABLE
```

Waya wa 23AWG unatakiwa kuwa na unene wa milimita 0.57. Vernia ilisoma 0.40. Kwa shaba tupu ya 0.57, umeme kwenda na kurudi mita 30 ungekutana na ukinzani wa omu 2 hivi. Hii ya 0.40, tena ya alumini, inakuwa omu 6 na nusu. Sasa piga hesabu. Kwa volti 12 na omu 6.5 njiani, umeme mwingi kuliko wote unaoweza kuifikia kamera, hata ukiweka adapta kubwa kiasi gani, ni volti 12 mara 12, gawanya kwa mara nne ya ukinzani: kama wati 5 na nusu. Mchana kamera inapata wati 3 zake kwa volti 10 hivi na inaridhika. Usiku inaomba 6, na 6 hazipo. Volti zinaporomoka, kamera inazima, taa zinazima, mzigo unapungua, volti zinapanda, kamera inawaka, taa zinawaka, inazima tena. Kwa kebo ya shaba kama ilivyoandikwa kwenye ganda, kamera hiyohiyo ingepata karibu volti 11 taa zikiwa zimewaka zote.

Naomba mlitazame hilo kwa makini, kwa sababu linaeleza kwa nini malalamiko hayawafikii. Testa ya taa nane ambayo kila fundi anayo ilionyesha taa zote nane ziko sawa. Testa ile inauliza swali moja tu: waya umefika upande wa pili au haukufika? Picha ilikuwa inapita vizuri, maana kwa mita 30 hata kebo mbovu inabeba megabiti 100 bila kelele. Kwa hiyo lawama ikaenda kwa kamera, halafu kwa adapta, halafu kwa fundi. Haikufika kwenye kebo. Mwenye duka la kamera amerudishiwa kamera mbili nzima, na aliyeuza boksi hajapata lalamiko lolote mpaka leo.

Nije kwenye namna ya kuitambua, kuanzia nje kwenda ndani.

Maandishi ya kwenye ganda yanasema mengi kabla hujashika kisu. Kebo ya kiwanda kinachojiheshimu inataja jina la mtengenezaji, daraja pamoja na kiwango kinacholitambua, unene wa waya, idadi ya jozi, alama ya usalama wa moto, na namba za mita zinazofuatana. Ikiwa na alama ya maabara kama UL au ETL, kunakuwa na namba ambayo mtu yeyote anaweza kuitafuta kwenye orodha za maabara hizo mtandaoni akaona ni ya nani. Ile ya Mbagala haikuwa na mtengenezaji, haikutaja kiwango, na "high speed" si kipimo cha kitu chochote kwenye kebo ya mtandao. Zipo pia zinazoandikwa "CAT6E", daraja ambalo halipo kwenye kiwango chochote kati ya hivyo viwili. Na zipo zile bapa, nyembamba kama utepe, zimechapwa "CAT8". Cat8 ya kweli ni kebo nene yenye kinga ya chuma, ya megahezi 2000, iliyokusudiwa vyumba vya seva, na hata huko mwisho wake ni mita 30. Ukiona utepe wa mita 50 umeandikwa CAT8, huhitaji kupima kitu.

Chukueni pia futi kamba mkapime alama za mita. Kutoka alama moja hadi inayofuata inatakiwa iwe mita moja kamili. Nimekuta alama zilizosogezwa, mteja analipia 305 na ndani hazifiki. Huo ni wizi wa vipimo wa kawaida tu, nao una Wakala wake wa Vipimo. Nautaja nipite.

Kwenye vichwa, hasa kwa kebo fupi zinazouzwa zikiwa zimeshabanwa RJ45, angalieni kama kichwa kinalingana na madai ya kebo. Kebo inayodai kuwa na kinga lazima kichwa chake kiwe na ganda la chuma, na ganda hilo liguse kinga ya ndani. Wekeni mita kwenye ganda la kichwa cha upande huu na la upande ule: isipolia, chuma kile ni urembo. Cat7 yenye RJ45 ya plastiki inajipinga yenyewe, maana viunganishi vilivyowekwa kwa daraja hilo kwenye kiwango cha kimataifa ni GG45 na TERA, na TIA haijawahi kuitambua Cat7 kabisa. Meno ya kichwa nayo yatazamwe. Mpako wa dhahabu ukiwa mwembamba mno unakwaruzika kwa kuchomeka na kuchomoa mara chache, na chini yake unaona chuma kinaanza kupiga kutu, hasa kwetu hapa pwani.

Kisha ncha iliyokatwa. Hapa naomba nieleze taratibu, kwa sababu picha za ncha ndizo ushahidi ambao mwananchi anaweza kuwaletea, na zinaharibiwa kirahisi. Ukikata waya wa CCA kwa koleo butu, ile shaba ya juu inaburuzwa na kufunika kitovu cha alumini. Unapiga picha, ncha yote nyekundu, unamtetea muuzaji bila kujua. Kata kwa mkasi mkali, kisha isugue ncha kwenye msasa laini hadi iwe bapa, uifute, ndipo upige picha kwa karibu sana, mwanga ukitokea ubavuni, na rula ikiwa pembeni. CCA inaonyesha kitovu cheupe cha fedha na pete nyembamba nyekundu kukizunguka. Shaba inakuwa nyekundu kote. Ukitaka kuthibitisha, kwangua waya kwa wembe kwa urefu wa sentimita mbili: weupe ukitokeza, umeipata. Ila msichanganye na shaba iliyopakwa bati, ambayo ni kinyume, nyeupe nje na nyekundu ndani, na hiyo haina kosa.

Wengine wanatumia kiberiti. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660 na shaba kwenye 1085, hivyo waya mwembamba wa CCA unalegea na kukatika kwenye moto wa kiberiti cha gesi wakati shaba inawaka wekundu tu na kubaki imesimama. Ni kweli, lakini mimi siipendi kama ushahidi. Kwenye picha huoni kitu zaidi ya waya mweusi.

Picha ina mpaka wake, na mpaka huo msiuache nje ya taratibu zenu. Ncha yenye kitovu cheupe inatosha kumtia mtu hatiani, kwa kuwa Cat6 ya alumini haipo. Lakini ncha nyekundu haimsafishi mtu. Kebo inaweza kuwa shaba tupu na bado ikawa Cat5e iliyochapwa jina la Cat6. Tofauti ya madaraja hayo, megahezi 100 dhidi ya 250, iko kwenye jinsi jozi zilivyosokotwa na jinsi zinavyozuiwa zisiingiliane, na hiyo inataka mashine ya kuthibitisha kebo, ambayo bei yake ni ya gari. Mashine hiyo iwe kwenu. Sisi tupeni sehemu ya kwanza ya kazi.

Sehemu hiyo ya kwanza ni hii. Boksi zima la mita 305 lina ncha mbili. Upande mmoja unganisha waya mbili za jozi moja, upande wa pili weka mita kwenye waya hizohizo. Kiwango kinaruhusu omu 9.38 kwa kila waya kwa mita 100, kwenye joto la nyuzi 20. Kwenda na kurudi mita 305 inakuwa omu 57. Kwa joto la Dar ongezeni kama omu 3, maana shaba inapanda ukinzani ikipata moto. Kwa hiyo mstari ni 60. Cat6 nzuri ya shaba ya 23AWG itasoma arobaini na kitu. Cat5e ya shaba itasoma hamsini na kitu. CCA, hata ile nene isiyopunjwa unene, inavuka 60. Lile boksi la Mbagala, mabaki yake yakipigiwa hesabu ya urefu wote, linazidi 130. Kipimo hicho kinachukua dakika moja na hakihitaji cheti cha mtaalamu wa nje.

Na kama mkaguzi hataki hata kufungua boksi, aweke kwenye mizani. Nyaya nane za 23AWG zenye urefu wa mita 305 zina zaidi ya kilo 5 na nusu za shaba peke yake, kabla ya plastiki, ganda na katoni. Muuzaji wa lile boksi la Mbagala bado ana lingine kama hilo dukani. Nilimwomba anipimie: kilo 4 na nusu, pamoja na katoni. Hakuna ubishi wa kiufundi unaoweza kuingiza kilo 5 na nusu ndani ya kilo 4 na nusu.

Kuhusu HDMI nitakuwa mfupi, kwa sababu hasara yake kwa kawaida ni televisheni inayopepesa au projekta ya ukumbini kukatika katikati ya shughuli. Wenye alama ya HDMI wamekataza kebo kuuzwa kwa namba ya toleo. Kebo ina jina la daraja: Premium High Speed kwa gigabiti 18 kwa sekunde, Ultra High Speed kwa 48. Kwa hiyo ganda lililochapwa "HDMI 2.1 8K" bila jina la daraja limeshavunja sheria ya mwenye alama hata kabla ya kupimwa. Madaraja hayo mawili yana stika kwenye pakiti yenye msimbo wa kuskani, na programu ya simu inakuonyesha chapa, modeli na urefu wa kebo. Angalieni huo urefu. Stika ya kebo ya mita 2 ikibandikwa kwenye pakiti ya mita 10, programu itawaambia wenyewe.

Ukiichana kebo nzuri unakuta jozi za kasi zimefungwa karatasi ya chuma kila moja peke yake, kisha wavu wa chuma juu ya zote. Niliyoichana mwezi uliopita, ya mita 10, imechapwa "48Gbps", ilikuwa na karatasi moja tu nje na nyaya nyembamba zilizonata kwenye sumaku: chuma kilichopakwa shaba. Lile bonge karibu na kichwa, ambalo watu huamini lina feriti ya kuzuia kelele, lilikuwa plastiki tupu. Kebo ya shaba ya kawaida isiyo na chipu haibebi gigabiti 48 kwa mita 10 hata ikitengenezwa kwa uaminifu wote, hivyo maandishi yale yalikuwa uongo tangu kwenye mashine ya kuchapia.

Sasa maombi, na kila mmoja wenu nimemwekea lake.

TBS, bidhaa hizi zinapitia mpango wenu wa kukaguliwa zinakotoka. Cheti cha ubora cha kebo ya mtandao kitaje vitu viwili kwa maandishi: waya ni wa nini, na ukinzani uliopimwa ni omu ngapi kwa mita 100. Kisha bandarini na kwenye maghala, vuteni boksi moja kutoka kila shehena, mizani na mita. Likizidi mstari ndipo liende maabara.

Tume ya Ushindani, ninyi ndio mnaosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Boksi lililoandikwa "solid copper" na ndani ni alumini lina maelezo ya uongo, hata kama halijaiga chapa ya mtu. Nalisema hili kwa sababu wengi sokoni wanaamini bidhaa ni feki pale tu inapobeba jina la kampuni nyingine. Boksi lisilo na jina lolote wanaliona salama. Toeni tamko la wazi kuhusu hilo. Na wekeni njia ya kupokea malalamiko inayosema hasa mnataka nini: picha ya maandishi ya ganda kwa urefu wa mita moja, picha ya kichwa kama kipo, picha ya ncha iliyosuguliwa ikiwa na rula, usomaji wa mita, na risiti. Fundi yeyote anaweza kuvileta hivyo.

Sina hamu ya kuona maduka yakifungwa na mali kuchomwa moto. Wenye maduka wengi nao wameuziwa hivyo. CCA iuzwe kwa jina lake, bila neno CAT kwenye ganda, kwa bei yake, na anayetaka kuvutia kengele ya mlango aichukue. Najua wenzangu kadhaa hawakubaliani nami hapa, wanataka ipigwe marufuku kabisa, na hoja yao ni kwamba ikishatoka dukani inaingia kwenye dari pamoja na nyingine na hakuna atakayezitofautisha. Hoja ina uzito. Lakini marufuku bila mizani bandarini itaongeza tu maandishi ya uongo kwenye maganda.

PPRA, nyaraka nyingi za zabuni nilizozisoma zinaandika "Cat6 cable" na kuishia hapo. Anayeshinda kwa bei ndogo analeta kilichoandikwa "Cat6". Ongezeni mstari mmoja kwenye nyaraka za mfano: waya uwe wa shaba tupu, na boksi lipimwe ukinzani mbele ya kamati ya mapokezi kabla ya kusainiwa. Kwa shule na zahanati zinazofungiwa mtandao sasa, kebo ikishapita ndani ya ukuta kuitoa kunagharimu kuliko kebo yenyewe.

Mabaki ya lile boksi la Mbagala, yenye maandishi yake, pamoja na ile HDMI niliyoichana, ninayo. Mteja ameridhia risiti itumike. Nisichokijua ni mlalamikaji wa kawaida aupeleke wapi mzigo huu: dawati la TBS, la Tume, au yote mawili? Naomba mjibu hilo hadharani, nasi mafundi tutaanza kuleta.

Wenu,
Fundi wa mitandao na kamera
Dar es Salaam